Dumu la mbono lililochacha: pima kwanza, potasi baadaye

Dumu la lita 20 la mafuta ya mbono kaburi likitoka Nachingwea au Ruangwa, aliyelikamua atakusifia wepesi wake na rangi yake ya dhahabu. Sisi tunaotengeneza biodizeli hatuyaamini macho. Mafuta mawili yenye rangi ileile, yamekaa kwenye madumu yanayofanana, moja litakupa lita 19 za mafuta safi ya kuendeshea mashine ya kusaga, na jingine litakupa uji mzito usioingia kwenye tangi wala kufaa kufulia. Tofauti yao ni asidi huru za mafuta, na asidi hizo hujulikana kwa kupima tu.

Mafuta ya mmea, yawe ya mbono, ya alizeti au ya karanga, yameundwa na trigliseridi. Ichukulie kama kijiti kifupi chenye mikia mitatu mirefu. Kijiti ni gliserini, mikia ni asidi za mafuta. Mikia mitatu ikikaa pamoja mafuta huwa mazito, hayapuliziki vizuri kwenye nozeli na huacha masizi ndani ya injini. Kazi ya methanoli ni kuuvua mkia mmoja mmoja kutoka kwenye kijiti na kuushika yenyewe. Mkia ulioshikwa na methanoli ndio biodizeli. Kijiti kilichobaki kitupu ni gliserini, nayo kwa kuwa ni nzito huzama chini ya chombo.

Methanoli peke yake haifanyi kazi hiyo kwa mwendo unaofaa. Inahitaji kichocheo, na tunachotumia sisi ni potasi kali, KOH, ile inayouzwa kwa watengenezaji wa sabuni ya maji. Soda kali, NaOH, nayo inafaa na kipimo chake ni kidogo zaidi, ila potasi huyeyuka upesi kwenye methanoli na gliserini yake hubaki ya kumiminika. Soda ikikutana na mafuta machafu, gliserini inaweza kuganda chini ya pipa hadi uichote kwa mwiko.

Sasa kuna mikia iliyokwisha kujichomoa kwenye kijiti kabla hujagusa chochote. Hiyo ndiyo asidi huru. Potasi ikikutana nayo haisubiri methanoli, inaungana nayo papo hapo:

RCOOH + KOH → RCOOK + H₂O

RCOOK ni sabuni na H₂O ni maji, kwa hiyo hasara hapa ni tatu kwa mpigo. Potasi uliyoitia iwe kichocheo imeliwa. Mkia ambao ungekuwa biodizeli umekuwa sabuni. Halafu maji yaliyozaliwa humo ndani husaidia potasi iliyobaki kuivunja hata biodizeli iliyokwisha kupatikana, nayo ikageuka sabuni. Sabuni ikizidi huyashika maji, gliserini na biodizeli pamoja, visitengane hata ukivisubiri siku tatu.

Huku kusini mafuta huchacha kwa njia zinazojulikana. Mbegu za mbono zikivunwa mvua za Desemba hadi Aprili zikiwa bado hazijakwisha, zikarundikwa kwenye gunia la nailoni kabla hazijakauka, vimeng'enya vilivyomo ndani ya mbegu huanza kuichomoa mikia humo humo guniani. Mbata nayo hivyohivyo: ikiota ukungu, mafuta yake ya nazi yatakuwa na uchachu mkubwa. Mafuta yaliyokaangia samaki au mihogo huharibika kwa njia nyingine, maji ya chakula yakikutana na mafuta ya moto mara nyingi. Mbono iliyotunzwa vizuri huwa na asidi huru chini ya asilimia 2. Iliyotunzwa vibaya huweza kufika asilimia 14.

Kupima kwenyewe ni titresheni ya kawaida ya shuleni, na vifaa vyake vinapatikana Mtwara mjini. Pima gramu 1 ya potasi ileile utakayotumia kwenye kazi, kwa mizani ndogo kama ya sonara, uiyeyushe kwenye lita 1 ya maji ya kuongezea betri, yale yasiyo na asidi. Kwenye kikombe cha kioo weka mililita 10 za isopropanoli na manjano kidogo ya jikoni, kiasi cha ncha ya kisu. Manjano hubaki ya njano kwenye asidi na hugeuka mekundu kwenye besi, kwa hiyo si lazima utafute dawa ya maabara. Kwa bomba la sindano dondosha maji ya potasi hadi wekundu uanze kuonekana, ili uchachu wa isopropanoli yenyewe usikudanganye. Hapo ndipo uongeze mililita 1 kamili ya mafuta. Rangi itarudi njano. Dondosha tena polepole huku ukitikisa, ukihesabu kuanzia sifuri, hadi wekundu ukae nusu dakika bila kupotea.

Penye makosa mengi ni ile mililita moja ya mafuta. Mafuta yananata kwenye bomba, na tone moja linalobaki ndani huharibu hesabu nzima. Yapashe moto kidogo yawe mepesi, rudia kipimo mara tatu, na ukipata namba zinazopishana kwa zaidi ya nusu mililita, anza upya.

Potasi ya dukani mara nyingi ina usafi wa asilimia 90 hivi, inayobaki ni maji na kaboneti. Kwa potasi ya namna hiyo kila mililita uliyodondosha ni karibu nusu asilimia ya asidi huru. Mililita 2 ni asilimia 1, mafuta mazuri. Mililita 4 ni asilimia 2, na hapo tunaendelea kwa potasi tukijua sabuni itakuwepo kiasi. Ikivuka hapo tunabadili njia.

Tuseme dumu letu la Nachingwea limesoma mililita 10. Hiyo ni asilimia 5. Wengi hapa hujibu kwa kuongeza potasi, na hesabu inawaruhusu. Mafuta yasiyo na uchachu yanahitaji gramu 7 za potasi safi kwa lita, ambazo kwa potasi ya asilimia 90 ni gramu 7.8. Kila mililita ya kipimo inaongeza gramu 1. Jumla ni gramu 17.8 kwa lita, yaani gramu 356 kwa dumu zima. Kichocheo kitatosha kweli. Ila zile gramu 200 za nyongeza zote zinakwenda kutengeneza sabuni, na kwa kuwa gramu 1 ya potasi safi huzaa gramu 5.7 hivi za sabuni, dumu moja litakuwa na kilo 1 ya sabuni ndani yake. Utaona mchanganyiko ukianza vizuri, ukiwa mweusi na mwepesi, kisha ukipoa unakuwa mzito kama uji wa ulezi. Hakuna mstari wa gliserini chini. Ukijaribu kuuosha kwa maji unageuka mweupe kama tui, na unabaki hivyo.

Njia nyingine ni kuchanganya dumu hilo na mafuta mazuri. Lita 1 ya asilimia 5 na lita 3 za asilimia 1 zinatoa wastani wa asilimia 2. Ni njia ya haki kabisa kama mafuta mazuri unayo. Kama huna, asidi huru zenyewe zigeuzwe kuwa biodizeli kwanza, kwa kutumia asidi badala ya potasi. Asidi ya salfa haitengenezi sabuni. Inausaidia mkia uliojichomoa kushikana na methanoli:

RCOOH + CH₃OH → RCOOCH₃ + H₂O

Ubaya wa njia hii ni yale maji upande wa kulia. Yakirundikana, kazi inasimama katikati, kwa sababu mwendo huu huweza pia kurudi nyuma. Ndiyo maana methanoli hutiwa kwa wingi kuliko inavyohitajika, na ndiyo maana mafuta hukaushwa kabla ya yote. Liache dumu lisimame siku mbili, maji na tope vizame, umimine ya juu. Kisha yachemshe yenyewe, bila kemikali yoyote, hadi nyuzi 110, ukikoroga, mpaka yaache kutoa viputo. Tone moja kwenye kikaango cha moto lisichachatike. Yaache yapoe hadi nyuzi 60 ukiwa umeyafunika, maana hewa ya pwani yetu ina unyevu mwingi.

Kwa lita 20 zetu uzito ni kilo 18.4, na asilimia 5 yake ni gramu 900 hivi za asidi huru. Kipimo tunachofuata ni gramu 2.25 za methanoli na gramu 0.05 za asidi ya salfa kwa kila gramu moja ya asidi huru. Methanoli inakuja kilo 2, sawa na lita 2.5. Asidi ni gramu 45, sawa na mililita 25 za asidi kali ya asilimia 98. Asidi ya betri haifai hata kidogo kwa kazi hii. Karibu theluthi mbili ya uzito wake ni maji, na maji ndiyo tunayoyakimbia. Kwa sababu hiyohiyo gongo ya mabibo haiwezi kushika nafasi ya methanoli, hata iliyopikwa mara mbili. Iwake vipi, maji yamo, na ukiitia potasi utapata sabuni.

Kabla ya kumimina, ondoa moto. Tunamaanisha moto wowote: jiko la mkaa, kibatari, sigara ya anayepita. Methanoli huchemka nyuzi 65, mvuke wake hutambaa chini, na ikiwaka mchana mwali wake hauonekani. Unajua kwa joto tu. Fanya kazi nje, upepo ukiwa nyuma yako, na koroga kwa mkono au kwa pampu isiyotoa cheche. Joto la kuendelea nalo lipatikane kwa kuliweka pipa ndani ya beseni la maji ya moto yaliyochemshwa mbali. Methanoli hupita kwenye ngozi na hupofusha, kwa hiyo glavu za mpira na miwani si hiari, na isihifadhiwe kamwe kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya pombe. Chupa ya namna hiyo ikisahauliwa kwenye kibaraza, mtu anaweza kufa.

Chombo nacho kina sumu yake. Sufuria zetu za kawaida ni za alumini, na potasi huila alumini huku ikitoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Ndoo ya bati la zinki ni hivyohivyo. Tumia pipa la chuma cha pua, au madumu mazito ya plastiki yale yaliyoletea mafuta, mradi joto lisizidi nyuzi 60.

Mimina methanoli kwenye mafuta ya nyuzi 60, koroga dakika tano, kisha ongeza asidi kidogo kidogo huku ukikoroga. Asidi ikimwagwa kwa pupa huyaunguza mafuta yakawa meusi. Endelea saa moja hadi mbili ukilinda joto lisishuke chini ya 55. Acha yatulie usiku kucha. Asubuhi, mara nyingi utakuta tabaka jembamba juu: methanoli, maji na sehemu kubwa ya asidi. Liondoe lote kwa mpira wa kunyonyea, usinyonye kwa mdomo, lihifadhiwe mbali na watu. Kuliacha humo ni kuyabeba maji yaleyale hadi hatua inayofuata.

Pima tena. Hapa watu huruka, wakidhani kazi ya asidi imekwisha kwa sababu saa zimekwisha. Kipimo kikivuka 4, maji yalikuwa mengi au joto lilishuka, na dawa yake ni kurudia kwa methanoli mpya na asidi mpya, safari hii ukihesabu kwa asilimia iliyobaki. Dumu letu tuseme limesoma 1.5. Ndani ya namba hiyo imo pia asidi ya salfa iliyobaki kwenye mafuta, lakini haikusumbui, kwa sababu potasi itaizima hiyo nayo na hesabu imekwisha kuijumuisha.

Sasa potasi: 7.8 na 1.5 ni 9.3 kwa lita, mara 20 ni gramu 186. Linganisha na zile 356. Ipime haraka na ufunge mkebe mara moja. Potasi iliyoachwa wazi Mtwara inalowa ikiwa bado iko kwenye mizani, na hewa inaigeuza kaboneti isiyo na nguvu. Ukiona punje zimeshikana na kutota, usafi wake si 90 tena na kila ulichokihesabu hapo juu kimepotoka.

Iyeyushe kwenye lita 5 za methanoli ndani ya dumu la plastiki lenye kifuniko, ukilitikisa polepole na kulifungua kupunguza mvuke. Litapata joto lenyewe. Lita 5 kwa lita 20 ni karibu molekuli sita za methanoli kwa kila moja ya mafuta, ingawa zinazohitajika ni tatu. Hiyo ziada ndiyo inayousukuma mwendo ufike mwisho. Mafuta ya nazi yanataka zaidi kwa sababu mikia yake ni mifupi na molekuli zake ni nyepesi, kwa hiyo kilo moja ina molekuli nyingi kuliko kilo ya mbono. Mimina mchanganyiko huo kwenye mafuta ya nyuzi 55, koroga saa moja, zima, acha.

Ndani ya nusu saa gliserini ya kahawia inaanza kuonekana chini. Isubiri saa 8 hadi 12, kisha ifungulie kwa koki ya chini. Dumu kama letu hutoa lita 3 hivi, na humo mna methanoli, sabuni na potasi, si gliserini tupu. Usiitie kwenye sabuni kabla methanoli haijatolewa.

Kabla ya kuosha, fanya jaribio la 3 kwa 27. Weka mililita 3 za biodizeli kwenye mililita 27 za methanoli, tikisa, lipoze kwenye maji ya mtungi, acha nusu saa. Biodizeli huyeyuka yote kwenye methanoli, mafuta ambayo hayajageuka hayayeyuki na huanguka chini kama tone. Kupoza kunahitajika kwetu, kwa sababu kwenye joto la mchana la Lindi au Mtwara mafuta kidogo huweza kuyeyuka na jaribio likasema uongo. Tone likionekana, usioshe. Rudisha kwenye nyuzi 55, ongeza lita 1 ya methanoli yenye gramu 30 za potasi, ukoroge saa nyingine.

Tunaulizwa sana kuhusu mafuta ya ganda la korosho, kwa kuwa maganda yamejaa kila kiwanda. Hayo si trigliseridi. Ni asidi ya anakadi na jamaa zake za fenoli, ndiyo maana hubabua ngozi. Hayana kijiti wala mikia mitatu ya kubadilishana na methanoli, na uchachu wake ni mkubwa mno. Ukiyapitisha kwenye hatua hizi utapoteza methanoli yote na hutaliona tone la gliserini.

Kuosha ndipo dumu lililotibiwa kwa asidi linapojitofautisha. Nyunyizia maji ya vuguvugu kama manyunyu juu ya biodizeli, lita 6 hivi, bila kukoroga. Yataanguka chini yakiwa meupe kwa sabuni. Yafungulie, rudia, na mara ya tatu tu ndipo utikise kidogo. Kwenye chupa ya kioo tia nusu biodizeli na nusu maji, tikisa kwa nguvu sekunde kumi. Zikitengana ndani ya nusu saa, mstari kati yao ukiwa mwembamba na maji yakiwa karibu kung'aa, sabuni imekwisha. Mstari ukiwa mnene kama povu la dafu, bado ipo. Nyunyizia maji yenye chumvi kidogo uone kama yatatengana. Mwisho ipashe moto biodizeli hadi nyuzi 100 hivi kwenye chombo kipana, mbali na methanoli yoyote, hadi ukungu uishe na uweze kusoma gazeti kupitia chupa iliyojaa.